Lini unaruhusiwa kuandika "bila kupoteza ujumla"?

"Shikamoo mwalimu. Nasoma mwaka wa kwanza chuoni hapa Kampala. Kwenye jaribio tuliambiwa tuthibitishe kwamba ikiwa m na n ni namba kamili, na zote mbili ni shufwa au zote mbili ni witiri, basi m² − n² inagawanyika kwa 4. Nikaandika, 'Bila kupoteza ujumla, tuchukulie zote ni witiri.' Nilipata hata zaidi ya walichotaka, nikaonyesha inagawanyika kwa 8. Nimepewa alama 2 kati ya 10. Wiki iliyotangulia mhadhiri mwenyewe alitumia maneno hayohayo ubaoni. Kwa nini yeye anaruhusiwa na mimi nakatazwa?"

Marahaba, mdogo wangu. Tuanze na hiyo 8, kwa sababu ndiyo iliyokutoa. Chukua 4 na 2, zote ni shufwa. Mraba wa 4 ni 16, mraba wa 2 ni 4, tofauti yake ni 12, na 12 haigawanyiki kwa 8. Kwa hiyo karatasi yako, kama ilivyoandikwa, imethibitisha jambo lisilo kweli. Aljebra yako naamini iko sawa, maana kwa namba witiri jibu ni hilohilo 8. Kosa limekaa kwenye sentensi moja isiyo na hesabu yoyote ndani yake, ile uliyoiandika mwanzoni na kuipita haraka. Ukiona umepata zaidi ya ulichoombwa, kabla hujafurahi jaribu namba mbili tatu kutoka ile hali uliyoiacha. Dakika moja ya 4 na 2 ingekuonyesha yote haya ukiwa bado ndani ya chumba cha jaribio.

Wengi wetu hapa Uganda tumesoma hesabu kwa Kiingereza tangu darasa la chini, kwa hiyo niyaweke wazi maneno mawili kwa wasomaji wengine. Shufwa ni namba kamili inayogawanyika kwa 2 bila baki, witiri ni ile inayobakiza 1. Witiri ni neno lilelile la swala ya witiri, ambayo rakaa zake hazigawanyiki mbili mbili. Nikisema namba mbili ni za aina moja, nina maana zote ni shufwa au zote ni witiri.

Sasa tufanye swali lako lote. Anayethibitisha kwa kugawa hali anabeba mzigo wa namna mbili: hali alizozitaja zifunike kila kinachowezekana, na kila moja aifikishe mwisho. Hapa hali ni mbili tu.

Zikiwa zote shufwa, andika m = 2a na n = 2b. Basi m² − n² = 4a² − 4b² = 4(a² − b²). Ni kigawe cha 4, na hakuna kinachoahidi zaidi ya hapo. Kwa 4 na 2, a ni 2 na b ni 1, ndani ya mabano inabaki 3, na 4 mara 3 ndiyo 12 tuliyoiona.

Zikiwa zote witiri, andika m = 2a + 1 na n = 2b + 1. Ukifungua miraba, zile 1 mbili zinaondoshana, unabaki na

m² − n² = 4a² + 4a − 4b² − 4b = 4[a(a + 1) − b(b + 1)].

Zao la namba mbili zinazofuatana, kama a(a + 1), daima ni shufwa, kwa kuwa mojawapo ya hizo mbili lazima iwe shufwa. Tofauti ya shufwa mbili ni shufwa, na 4 mara shufwa ni kigawe cha 8. Hapo ndipo ilipotoka nane yako. Ni mali ya hali ya pili peke yake, na wewe ukaipeleka pia kwenye hali ya kwanza ambako hakuna aliyeipata.

Tuje kwa mhadhiri wako. Sikuwepo, lakini mahali pa kawaida ambapo maneno haya huandikwa ubaoni katika mada hii ni dai kama hili: ikiwa m na n si za aina moja, basi m + n ni witiri. Anaandika, bila kupoteza ujumla m ni shufwa na n ni witiri, m = 2a, n = 2b + 1, jumla ni 2(a + b) + 1, amemaliza. Hali aliyoiacha ni ile ya m kuwa witiri na n kuwa shufwa.

Tazama kilichomruhusu. Chukua hali aliyoiacha, kisha mpe n jina la m, na m jina la n. Yule aliyekuwa shufwa sasa anaitwa m, aliyekuwa witiri anaitwa n, na dai lililokuwa juu ya m + n limekuwa juu ya n + m, ambayo ni namba ileile. Hali iliyoachwa imeangukia juu ya hali iliyofanywa, neno kwa neno. Uthibitisho wake upo tayari ubaoni, ni majina tu yaliyobadilishana.

Ifanye kazi hiyohiyo kwenye swali lako. Hali uliyoiacha ni ya zote kuwa shufwa. Badilisha majina: zote bado ni shufwa. Badilisha tena, ni vilevile. Kubadilishana majina hakumgeuzi mtu yeyote kutoka shufwa kuwa witiri, kwa hiyo kwa njia hiyo huwezi kutoka kwenye hali uliyoiacha ukafika kwenye ile uliyoifanya. Jozi ya namba mbili ina hali nne kwa jumla: shufwa na shufwa, shufwa na witiri, witiri na shufwa, witiri na witiri. Kubadilishana majina kunaunganisha mbili za katikati tu. Zile za pembeni kila moja inasimama peke yake, na kila moja inadai uthibitisho wake.

Basi maneno "bila kupoteza ujumla" ni dai, na dai hudaiwa ushahidi. Yanasema: ninalo badiliko linalochukua kila hali niliyoiacha na kuileta kwenye hali niliyoishika, na badiliko hilo haliharibu chochote nilichopewa wala chochote ninachotaka kuthibitisha. Huyataki kuyaandika yote hayo kila mara, ni sawa, hata mhadhiri wako hakuyaandika. Lakini lazima uwe nayo mkononi mtu akikuuliza.

Ile sehemu ya mwisho, ya kutoharibu unachotaka kuthibitisha, ndiyo inayosahauliwa zaidi. Mwanafunzi huangalia masharti aliyopewa, akaona m na n wako sawasawa, akaridhika, asiangalie hitimisho. Chukua dai hili: ikiwa m na n si za aina moja, basi m² + 2n ni witiri. Masharti ni yaleyale ya mhadhiri. Mtu anaandika, bila kupoteza ujumla m ni witiri na n ni shufwa. Mraba wa witiri ni witiri, 2n ni shufwa, jumla ni witiri. Inasomeka vizuri kabisa. Sasa weka m = 2 na n = 1: 4 + 2 = 6. Dai ni la uongo, na "uthibitisho" wake haukuwa na kosa hata moja la hesabu. Ukibadilisha majina, m² + 2n inakuwa n² + 2m, na hiyo ni namba nyingine.

Kuna pia hali ya kati, ambapo hitimisho linabadilika kidogo lakini haliharibiki. Kama dai ni kwamba m − n ni witiri, kubadilishana majina kunakupa n − m, yaani −(m − n). Alama ya kutoa haifanyi witiri kuwa shufwa, kwa hiyo ruhusa ipo, ila andika nusu sentensi hiyo. Na kuna hali inayonisumbua zaidi ninaposahihisha: dai ni la kweli, lakini sentensi ni batili. Mfano ni m² + 3n kwa namba zisizo za aina moja. Ni witiri kweli, katika hali zote mbili. Lakini m² + 3n na n² + 3m si kitu kimoja, kwa hiyo kubadilishana majina hakukupi ruhusa. Unatakiwa ama ufanye hali mbili, ama kwanza uonyeshe kwamba m² ni ya aina moja na m, na 3n ni ya aina moja na n, kwa hiyo swali lote linageuka kuwa la m + n. Msahihishaji aliyechoka anaona jibu ni la kweli anatia alama zote, na mwanafunzi anaondoka na tabia itakayomwangusha kwenye m² + 2n.

Mtego mwingine ni kuitumia ruhusa hiyo mara mbili. Kwa Waganda, pacha wawili wa kiume wakizaliwa, wa kwanza ni Waswa, wa pili ni Kato. Mtu akikuletea pacha asiowajua majina, unaweza kusema "aliyetangulia tumwite Waswa" bila kumdhulumu yeyote. Lakini ukishasema hivyo, huwezi tena kusema "na Waswa tumchukulie ndiye mrefu". Majina yamekwisha kugawiwa. Huenda aliye mrefu ni Kato, na uwezekano huo huwezi kuufuta kwa kubadilisha majina, maana ukiyabadilisha utavunja lile la kwanza.

Kwa namba inakuwa hivi. Nina namba mbili zisizo za aina moja. Bila kupoteza ujumla m < n. Sawa. Kisha mistari mitatu chini, bila kupoteza ujumla m ni shufwa na n ni witiri. Kwa hiyo iliyo kubwa kati ya namba mbili kama hizo daima ni witiri. Jaribu 3 na 4. Ukiyaona yameandikwa karibu hivi ni rahisi kuyacheka, lakini ndani ya uthibitisho wa kurasa mbili ile sentensi ya kwanza imesahaulika kabla ya ya pili kuandikwa, na ndiyo maana nataka nikuonyeshe mahali ambapo jambo hili linatokea kweli.

Jumamosi moja nilisimama kwenye kiwanja cha jirani, huku Mukono, fundi akipiga kona ya msingi. Alifunga kamba mbili kwenye kigingi cha kona. Kwenye moja akapima sentimita 60 akatia alama, kwenye nyingine 80 akatia alama, kisha akamwita kijana wake ashike tepu kutoka alama hadi alama. Ilipaswa kusoma mita 1 kamili. Ikasoma 98 na kidogo, akausogeza uzi mmoja nje, wakapima tena mpaka ikakaa 100. Siri yake ni kwamba 60² + 80² = 3600 + 6400 = 10000, na hiyo ni 100². Gawa zote kwa 20 unapata 3, 4, 5.

Tuchukue basi namba kamili chanya tatu zenye a² + b² = c², na swali liwe: shufwa zinakaa wapi? Kwa fundi zote tatu ni shufwa, lakini hilo limetokana na ile 20 tu. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kugawa kwa kigawo cha pamoja: bila kupoteza ujumla, a, b na c hazina kigawo cha pamoja zaidi ya 1. Hili nalo ni badiliko, ingawa si la majina. Ruhusa yake inategemea kama unachodai kinasalimika unapozidisha tena. "Angalau mojawapo ya a na b ni shufwa" inasalimika, maana shufwa ukiizidisha kwa chochote inabaki shufwa. "c ni witiri" haisalimiki, maana 5 mara 20 ni 100. Dai la kwanza litakuwa la kweli kwa fundi pia, la pili litakuwa la zile zisizo na kigawo cha pamoja tu, na lazima useme hivyo.

Sasa hali. Mraba wa shufwa, (2k)², ni 4k², haubakizi kitu ukiugawa kwa 4. Mraba wa witiri ni 4k² + 4k + 1, unabakiza 1. Hakuna mraba unaobakiza 2 wala 3. Kama a na b zote ni witiri, a² + b² inabakiza 1 na 1, yaani 2, na c² haiwezi kubakiza 2. Hali hiyo haipo. Kama zote ni shufwa, c² ni shufwa, c ni shufwa, na 2 imekuwa kigawo cha pamoja, jambo tulilokwisha kulikataa. Hali hiyo nayo haipo. Imebaki moja shufwa na nyingine witiri.

Hapa, na hapa tu, unaandika: bila kupoteza ujumla, b ni shufwa. Kagua. Ukibadilishana majina ya a na b, mlinganyo ni uleule. Sharti la kutokuwa na kigawo cha pamoja ni lilelile. Na katika mistari yote iliyotangulia hakuna mahali tulipomtendea a tofauti na b. Ruhusa ni safi. Lakini tazama kwamba c hayumo katika mabadilishano hayo. Asingeweza mtu kusema "moja kati ya hizi tatu ni shufwa, bila kupoteza ujumla ni c", kwa sababu ukimweka c mahali pa a mlinganyo unavunjika. Na kweli c hapa haiwi shufwa kamwe: witiri na shufwa zikijumlishwa, jumla ni witiri.

Baada ya hapo mtu anaona 3, 4, 5, anaona 5, 12, 13, anataka kurahisisha zaidi, anaandika, bila kupoteza ujumla a < b. Hapo ndipo Waswa amepewa jina la pili. Katika 3, 4, 5 iliyo witiri ndiyo ndogo. Lakini 8, 15, 17 nayo ipo: 64 + 225 = 289, na 289 ni mraba wa 17. Humo b ni 8 na a ni 15. Aliyeandika sentensi ya pili ameifuta 8, 15, 17 na zinazofanana nayo bila kujua.

Wanaosoma nadharia ya namba wanajua kwamba tatu zote za namna hii, b ikiwa shufwa, hupatikana kwa kuandika a = p² − q², b = 2pq, c = p² + q², ambapo p ni kubwa kuliko q, hazina kigawo cha pamoja, na si za aina moja. Kwa p = 2 na q = 1 unapata 3, 4, 5. Kwa p = 4 na q = 1 unapata 15, 8, 17. Sasa nataka nithibitishe kwamba b inagawanyika kwa 4. Naandika, bila kupoteza ujumla p ni shufwa, basi pq ni shufwa, basi 2pq ni kigawe cha 4. Je, naruhusiwa? Ndiyo, kwa sababu katika 2pq haijalishi nani ni p na nani ni q, na hapo sikugusa kabisa kwamba p ndiyo kubwa.

Kisha nataka kujua a inabakiza ngapi ikigawanywa kwa 4. Naandika sentensi ileile, p ni shufwa. p² haibakizi kitu, q² inabakiza 1, kwa hiyo p² − q² inabakiza 3. Najaribu: 3 inabakiza 3. 15 inabakiza 3. Kwa p = 4 na q = 3 napata 7, 24, 25, na 7 inabakiza 3. Mifano mitatu imekubali. Lakini weka p = 3 na q = 2: unapata 5, 12, 13, na 5 inabakiza 1. Mifano yangu mitatu yote niliichagua kutoka hali niliyoishika, kwa hiyo isingeweza kunionya hata ningejaribu mia. Herufi ni zilezile na sentensi ni ileile. Kwa b iliruhusiwa na kwa a haikuruhusiwa, kwa sababu p² − q² inajua nani ni mkubwa. Ruhusa haikai kwenye namba, inakaa kwenye dai unalolithibitisha.

Usidhani pia kwamba kubadilishana majina ndiyo njia pekee. Juu nilitumia kwamba a(a + 1) ni shufwa. Herufi ni moja, hakuna wa kubadilishana naye, na bado unaweza kusema, bila kupoteza ujumla a ni shufwa. Weka −1 − a mahali pa a. Zao linakuwa (−1 − a)(−a), ukifungua ni a(a + 1) ileile, lakini −1 − a si ya aina moja na a. Kwa 7 unapata −8: 7 mara 8 ni 56, na −8 mara −7 ni 56. Kila witiri imepelekwa kwenye shufwa bila zao kusogea. Sharti lake ni kwamba uwe unafanya kazi na namba kamili zote. Ukiwa umeambiwa namba chanya tu, −8 iko nje ya uwanja, na lazima kwanza utangaze kwamba unathibitisha kwa namba kamili zote.

Nimekuletea hilo kwa sababu ya karatasi yako. Kubadilishana majina hakukukusaidia, lakini lipo badiliko lingine ambalo lingekusaidia. Zikiwa zote shufwa, ongeza 1 kwa kila moja. Sasa zote ni witiri. Tofauti ya miraba inabadilika hivi:

(m + 1)² − (n + 1)² = m² − n² + 2(m − n).

Namba za aina moja zikitoana zinaacha shufwa, kwa hiyo m − n ni shufwa, na 2(m − n) ni kigawe cha 4. Maana yake m² − n² inagawanyika kwa 4 ikiwa, na ikiwa tu, ile mpya inagawanyika kwa 4. Ungeandika mstari huo mmoja kabla ya kusema "tuchukulie zote ni witiri", sentensi yako ingekuwa na haki yake yote, na alama zote ungekuwa nazo. Ipo na njia fupi isiyohitaji hali hata moja, m² − n² = (m − n)(m + n), mabano yote mawili shufwa, lakini wewe uliuliza juu ya sentensi.

Na mstari huohuo unaonyesha nane ilipokufa. Ukianza na 4 na 2, unazipeleka kwenye 5 na 3, na 25 − 9 = 16, kigawe cha 8 kama ulivyothibitisha. Kurudi nyumbani lazima utoe 2(4 − 2), ambayo ni 4. 16 − 4 = 12. Nne inavuka njia hiyo salama kila mara, nane haina uhakika huo, kwa kuwa 2(m − n) inaahidi kuwa kigawe cha 4 na si zaidi.